Pawabenki ya 10,000 haijazi simu ya 5,000 mara mbili: umeme unakwenda wapi?

Lalamiko linalosikika zaidi kwenye meza za mafundi simu, iwe Mwanjelwa ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, ni hili: "Imeandikwa 10,000, simu yangu ni 5,000, mbona inajaza mara moja na nusu tu? Wameniuzia feki." Mara nyingi pawabenki haina kosa lolote. Lakini mara nyingine kweli ni feki, na kuna siku ni nzima kabisa ila imepelekwa kwenye baridi ya Makete mwezi wa Julai. Hali hizi tatu zina dalili tofauti, na anayejua hesabu moja fupi anaweza kuzitenganisha kabla hajarudi dukani kugombana.

Dalili: inajaza mara moja na karibu nusu

Hii ni hali ya kawaida. Tatizo liko kwenye kugawa 10,000 kwa 5,000 ukapata 2, maana namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Miliampea-saa, zile zinazoandikwa mAh, zinahesabu chaji bila kutaja volti iliyoibeba. Ni kama kuhesabu magunia ya viazi bila kuuliza kama ni lumbesa au la. Ili ujue umeme wenyewe ni kiasi gani, lazima uzidishe kwa volti, na hapo unapata wati-saa, yaani Wh.

Geuza pawabenki uangalie nyuma, kwenye maandishi madogo. Kwenye chombo cha kueleweka utakuta kitu cha namna hii:

```
Capacity: 10000mAh 3.7V (37Wh)
Rated Capacity: 6000mAh (5V 2A)
```

Mstari wa kwanza unazungumzia betri zilizo ndani. Betri za lithiamu hufanya kazi kwa wastani wa volti 3.7, kwa hiyo 10,000 mara 3.7, gawa kwa 1,000, ni wati-saa 37. Huo ndio mzigo wote ulionunua. Namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi ni ya mstari huu, kwa sababu ndiyo inayopendeza.

Mstari wa pili ndio wenye ukweli unaokuhusu. Mlango wa USB hautoi volti 3.7, unatoa volti 5, hivyo ndani kuna saketi ya kupandisha volti. Ukipandisha volti, miliampea-saa zinashuka hata kama hakuna kilichopotea: wati-saa 37 ukizigawa kwa volti 5 unapata 7,400, si 10,000. Juu ya hapo saketi yenyewe inapata joto, na joto hilo ni umeme uliopotea. Saketi nzuri inapitisha asilimia 85 hadi 90. Tuchukue wati-saa 32 kwamba ndizo zinazotoka mlangoni, sawa na miliampea-saa 6,400 kwa volti 5. Mtengenezaji anayeandika 6,000 anajiwekea nafasi kidogo, na huyo ni wa kuaminika kuliko asiyeandika mstari huo kabisa.

Sasa upande wa simu. Betri ya simu ya 5,000 huwa na volti 3.85 hivi, kwa hiyo ina wati-saa 19 na robo. Lakini simu nayo inazishusha zile volti 5 ili ziingie kwenye betri yake, na inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ili betri ipate wati-saa 19, mlango wa pawabenki unatakiwa utoe kama 22. Gawa 32 kwa 22: ni mara 1.45. Hiyo "mara moja na nusu" uliyoilalamikia ndiyo hesabu sahihi.

Kama hutaki kukokotoa kila mara, gawa namba ya pawabenki kwa namba ya simu kisha zidisha kwa 0.7. Kwa 20,000 na simu ya 5,000 utapata 2.8. Hesabu hiyo ya mkato inatosha kwa kununua.

Hesabu zote hizi ni kwa simu iliyozimwa au iliyolala. Ukichaji huku unaangalia video au umewasha hotispoti, simu inakula wati 2 au 3 papo hapo, na umeme huo haufiki kwenye betri. Saa mbili za namna hiyo zinameza wati-saa 5, karibu robo ya kujaza simu nzima. Kuchaji bila waya ni kubaya zaidi: theluthi ya umeme inaweza kuishia kwenye joto la mgongo wa simu. Unapokuwa mbali na umeme, tumia waya.

Dalili: inajaza simu chini ya mara moja

Hapa sasa kuna jambo. Lakini kabla ya kuishuku pawabenki, badilisha waya. Waya mwembamba na mrefu wa bei ya chini unaweza kuangusha nusu volti njiani pale simu inapovuta ampea 2. Nusu volti kati ya 5 ni sehemu moja ya kumi ya umeme wako, imeishia kupasha waya. Tena simu nyingi zikiona volti zimeshuka zinapunguza kasi ya kuvuta, kwa hiyo unachaji saa nyingi zaidi na simu inaendelea kutumia umeme muda wote huo. Chukua waya mfupi na mnene, ule uliokuja na simu ukiwa bado mzima, urudie.

Ikiwa hali ni ile ile, pima. Hauhitaji kifaa. Jaza pawabenki mpaka taa zote zitulie. Iache simu ishuke hadi asilimia 20, izime, ichomeke kwenye pawabenki, na ikifika 80 iwashe na uandike: imepata 60. Itumie simu mpaka irudi 20 na urudie, hadi pawabenki ikate yenyewe. Jumlisha asilimia zote. Kuishia 80 kuna sababu yake: kutoka hapo kwenda juu simu inavuta kidogo kidogo, na saketi ya pawabenki inapoteza zaidi inapofanya kazi ndogo kwa muda mrefu.

Kwa simu ya 5,000, pawabenki ya kweli ya 10,000 itatoa jumla ya asilimia 140 hadi 150. Ukipata 125, bado ni sawa, hasa kama imeshatumika mwaka mmoja au miwili. Ukipata 80, hesabu ni 80 gawa kwa 145, mara 10,000, na jibu ni kama 5,500. Umenunua pawabenki ya 5,000 iliyovalishwa namba ya 10,000. Na ukipata 30, ndani kuna betri moja tu ya duara, pengine iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato kuukuu.

Wenye kipimo cha USB, kile kidogo kinachochomekwa katikati ya waya na pawabenki, wasome wati-saa na si miliampea-saa. Pawabenki ikichaji kwa kasi kwa volti 9, kipimo kitaonyesha miliampea-saa 3,500 tu na utadhani umeibiwa, kumbe ni umeme ule ule kwa volti kubwa. Kwa ya 10,000 iliyo nzima, kipimo kinatakiwa kisome Wh 30 au zaidi kidogo mpaka inapokata. Chini ya 20, irudishe.

Kuna njia ya kugundua uongo hata kabla ya kulipa: uzito. Betri za lithiamu zinazotumika kwenye vifaa hivi zinabeba kama wati-saa 250 kwa kilo moja zikiwa nzuri sana. Kwa hiyo wati-saa 37 zinahitaji karibu gramu 150 za betri tupu, bado gamba na saketi. Pawabenki ya 10,000 yenye gramu 120 haiwezekani. Ya kawaida ina gramu 180 hadi 250. Ya 20,000 isipungue gramu 320. Mizani ya kidijitali ya muuza viungo jirani inatosha kabisa, na muuzaji anayekataa bidhaa yake isipimwe ameshakujibu. Ila uzito unathibitisha upande mmoja tu: nyepesi ni feki, lakini nzito si lazima iwe ya kweli, kwa sababu wapo wanaojaza vipande vya chuma au mchanga ndani. Ukiitikisa ikagonga, achana nayo.

Betri moja ya duara, ile ya ukubwa unaoitwa 18650, ina gramu kama 45 hadi 50, na zile zinazouzwa kwa wingi hazivuki miliampea-saa 3,500. Ukiona kikasha chenye nafasi ya betri mbili kimeandikwa 20,000, hesabu hiyo haikubali hata kwa kulazimisha.

Dalili: mjini inafanya vizuri, ukipanda nayo mlimani inaisha haraka

Mtu wa Mbeya mjini anaijua pawabenki yake vizuri, halafu anakwenda Kitulo au Makete kati ya Juni na Agosti na anaiona imekuwa nusu ya ilivyokuwa. Sababu ziko mbili, na zinafanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni baridi. Ndani ya betri kuna kimiminika ambacho chembe za lithiamu zinapita, na kikipoa zinapita kwa shida. Volti inashuka mapema, saketi inadhani betri imekwisha, inakata. Betri iliyopoa hadi karibu nyuzi joto 0 inaweza kukunyima sehemu moja ya kumi hadi moja ya tano ya umeme wake, na iliyochakaa zaidi ya hapo. Jinsi ya kutambua ni rahisi: pawabenki iliyokata alfajiri ikiwekwa ndani ya koti kwa nusu saa inawaka tena na kutoa kidogo. Umeme haukupotea, ulikuwa umefungiwa ndani. Ilale nawe chini ya blanketi ikiwa haifanyi kazi, wala isiachwe kwenye siti ya gari usiku. Inapochaji simu, itoe kwenye blanketi, kwa sababu hapo inatoa joto lake yenyewe na inahitaji hewa.

Jambo la kuogopa kwenye baridi ni kuichaji pawabenki yenyewe. Chini ya nyuzi 0, lithiamu haiingii vizuri inakotakiwa kuingia, inajipaka juu kama ganda la chuma. Uharibifu huo haurudi, na siku za mbele unaweza kuleta hitilafu ya ndani. Asubuhi kukiwa na jalidi nje, iache kwanza ipate joto la chumba ndipo uichomeke.

Sababu ya pili ni mtandao. Simu iliyo kwenye bonde lenye mnara wa mbali inaongeza nguvu ya kurusha na inatafuta mawimbi kila mara, hivyo inakula betri hata ikiwa mfukoni. Hapo pawabenki haijapungua chochote. Simu ndiyo inayotumia zaidi. Ipime kwa kuweka simu kwenye hali ya ndege usiku mmoja. Kama asubuhi imeshuka asilimia 2 au 3 badala ya 20, umempata mlaji.

Dalili: unaichaji usiku kucha lakini haijai

Angalia maandishi ya `Input`. Kama ni 5V 1A, inaingiza wati 5 tu. Ili betri za wati-saa 37 zijae, ukiweka na kinachopotea njiani, chaja inabidi itoe kama wati-saa 43. Gawa kwa 5: ni saa 8 na nusu, bila umeme kukatika. Ukitumia chaja ya zamani ya kitochi, yenye nusu ampea, ni saa 17. Kwenye nyumba ya wageni inayowasha jenereta kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, chaja ya wati 5 haitafika hata nusu. Pawabenki inayoingiza 5V 2A inajaa kwa saa 4 na kidogo, na inayokubali wati 18, ukiipa chaja ya wati 18, inahitaji saa mbili na nusu hadi tatu. Kwa anayepata umeme kwa kuvizia, namba hii ya kuingiza ina thamani kuliko kuongeza ukubwa.

Zile zenye kioo cha sola mgongoni zinauzwa sana kwa watu wanaokwenda shamba. Kioo cha ukubwa wa kiganja kinatoa kama wati 1 jua likiwa kali. Jua zuri likiwaka kwa muda wa saa tano ni wati-saa 5, na unahitaji 43: siku 8 au 9. Kwa ukungu wa Tukuyu usithubutu kuhesabu. Kichukulie kioo hicho kama pambo, na kama unataka sola, nunua paneli inayojitegemea ya wati 10 au zaidi.

Dalili: inawasha kitu kidogo kisha inakata baada ya nusu dakika

Imejaa, simu inachaji vizuri, lakini ukichomeka spika za masikioni au taa ndogo inazima. Saketi nyingi zikiona kinachovutwa kiko chini ya miliampea 50 hadi 100 hivi, zinadhani simu imejaa na kujizima ili kutunza betri. Baadhi zina hali ya vifaa vidogo inayowashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili. Kama yako haina, chomeka na simu kwenye mlango wa pili ili kiasi kinachovutwa kipande.

Kuchagua ukubwa: mfano wa mnunuzi wa viazi

Chukua mnunuzi anayepanda milima ya Uporoto kwa siku tatu, Julai. Anakaa sehemu isiyo na umeme. Ana simu ya 5,000 inayoisha mara moja kwa siku kwa sababu ya kupiga picha mzigo, kutuma pesa na kupigia madereva, pamoja na kitochi cha 1,000. Anaondoka vyote vikiwa vimejaa.

Siku ya kwanza simu inajitegemea. Anahitaji kuijaza mara mbili, wati-saa 22 kila mara, yaani 44 mlangoni. Kitochi kijazwe mara moja, wati-saa 4 na nusu. Jumla 48.5. Kwa kuwa ni baridi na pawabenki si mpya, tuchukulie itatoa asilimia 80 tu ya kawaida yake: 48.5 gawa kwa 0.8 ni kama 61. Ili mlangoni zitoke 61, betri za ndani ziwe na 70, kwa sababu ya ile hasara ya kupandisha volti. Sasa rudi kwenye namba ya boksi: 70 mara 1,000 gawa kwa 3.7 ni 19,000.

Anunue 20,000. Ya 10,000, ambayo kwa hesabu ya kichwani ingejaza simu "mara mbili", katika hali hiyo ingetoa wati-saa 25 au 26: simu mara moja na kitochi hakijai. Ataishiwa siku ya tatu asubuhi, wakati gari la kupakia ndiyo linapiga simu kuuliza njia.

Mimi ningependelea mbili za 10,000 kuliko moja ya 20,000, kama zote zina mstari wa `Rated Capacity`. Zinachajiwa kwa pamoja kwa chaja mbili, hivyo muda wa kujaza ni nusu, na moja ikifa haifi na nyingine. Hasara ni kwamba utabeba uzito zaidi kidogo na kulipa zaidi kidogo.

Kuhusu zile za 50,000 zinazopangwa mbele ya vibanda: ikiwa namba ni ya kweli, ni wati-saa 185 na uzito wa karibu kilo moja. Anayesafiri kwa ndege kutoka Songwe aikumbuke hesabu hiyo. Pawabenki inabebwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaowekwa chini, na kikomo bila ruhusa ya shirika la ndege ni wati-saa 100, yaani takriban 27,000. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa, na juu ya hapo haipandi. Isiyo na namba yoyote inayosomeka mgongoni inaweza kubaki mezani kwa wakaguzi hata kama ni ndogo, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha maandishi yamechapwa kwenye gamba lenyewe na si kwenye karatasi ya kubandika itakayofutika ndani ya mwezi.